Kotesheni ya kupaua nyumba Kibaha: bati mita 235, mbao 2x4 pisi 70. Iko sawa au napigwa?

#1 BintiPwani

Wakuu habari. Boma langu lipo Kibaha, ukuta umeshafika juu na sasa ni kupaua. Nyumba ni mita 12 kwa 9, paa la pande mbili la kawaida, siyo kontena wala kona kona. Bati litatoka nje ya ukuta sentimita 60 kila upande. Fundi kaniletea kotesheni hii, naiandika kama ilivyo:

Bati la rangi mgongo mpana geji 30, mita 235 @ 16,000 = 3,760,000
Mbao 2x4 futi 12, pisi 70 @ 10,000 = 700,000
Mbao 2x2 futi 12, pisi 40 @ 5,000 = 200,000
Fishabodi, pisi 16 @ 18,000 = 288,000
Kofia, pisi 8 @ 20,000 = 160,000
Misumari na vifaa vidogo vidogo = 450,000
Ufundi asilimia 35 ya vifaa = 1,945,300
Usafiri = 200,000
Jumla 7,703,300. Anataka asilimia 70 mkononi kabla ya kuanza.

Bei za dukani naweza kuulizia mwenyewe. Ninachotaka ni kujua hizi idadi zinasomwaje. Nitajuaje kama pisi 70 ni nyingi au chache?

#2 Mzee_wa_Kenchi

Kabla watu hawajaanza kubishania bei, jibu kwanza. Mwinuko wa paa ni kiasi gani, yaani kutoka juu ya ukuta mpaka kwenye kofia ni mita ngapi? Na kenchi zitakaa kwa umbali gani? Kama hajakuambia umbali wa kenchi, hiyo kotesheni bado haijaandikwa.

#3 Chogo_la_Mbeya

Dada omba geji 32 badala ya 30. Namba ikipanda bati linakuwa zito. Mimi nyumba yangu yote ni 32 na sina wasiwasi.

#4 Kadogoo

#3 😂😂 mkuu, endelea hivyo hivyo kutokuwa na wasiwasi, usipande tu juu ya paa.

#5 Mnyalu_Halisi

#3 Ni kinyume. Geji inavyopanda bati linakuwa jembamba. 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Muuza duka akisema "hii ni 32, imara kweli", anakupima akili.

#6 BintiPwani

#2 Mzee asante. Alisema kofia itakuwa juu ya ukuta kama mita 1.6. Umbali wa kenchi hakuandika. Nilipomuuliza kwa simu akasema "wa kawaida".

#7 Mzee_wa_Kenchi

"Wa kawaida" siyo kipimo. Haya, tuhesabu kwa vipimo ulivyotoa, na wewe chukua kalamu.

Nusu ya upana wa nyumba ni mita 4.5. Ongeza sentimita 60 za nje, unapata 5.1 ukipima kwa ulalo wa chini. Paa limeinama, kwa hiyo kwa mwinuko huo bati linatakiwa kama mita 5.4. Sema 5.5. Urefu wa paa ni 12 na 60 mbili, yaani 13.2.

Sasa nenda dukani upime bati lenyewe. Usipime upana wake wote. Pima upana unaobaki baada ya bati moja kulalia jingine, kwa sababu huo ndio unaofunika. Mabati mengi niliyopiga yanafunika kama sentimita 75. 13.2 gawanya kwa 0.75 ni 17.6, kwa hiyo bati 18 kila upande. Pande mbili ni 36. Mara 5.5 ni mita 198.

Yeye kaandika 235. Kuna mita 37 ambazo hazina mwenyewe. Kwa bei yake hizo ni 592,000.

#8 Kadogoo

Hapo ndipo tairi la bodaboda lilipo.

#9 FundiRamso

Na mimi ni fundi, tusihukumu haraka. Kuna vitu vitatu hapa. Kwanza, je, kuna baraza? Pili, kama anachukua bati za mita 3 zilizokatwa tayari badala ya kukatiwa kiwandani, kila upande wa paa unakula bati mbili juu na chini. 18 mara 2 mara pande mbili ni 72, mara mita 3 ni 216. Hapo hakuna wizi, ni namna ya kununua tu. Tatu, bati zinaharibika kwenye kupakia.

#10 BintiPwani

#9 Baraza lipo mbele, upana kama mita 3.6 na linatoka mita 2 hivi.

#11 Mzee_wa_Kenchi

#9 Umesema vizuri kuhusu baraza. 3.6 kwa 0.75 ni bati 5, za mita 2.5 kila moja, kwa hiyo mita 12.5. Jumla inakuwa 210 na ushee. Zimebaki mita 24.

Ila hilo la bati za mita 3 sikubaliani nalo. Anayelipwa kwa asilimia ya vifaa hana sababu ya kutafuta namna inayokula bati kidogo. Nyumba ina pande mbili zilizonyooka, kata 5.5 kiwandani na umalize. Usipokuwa na kiungo katikati ya paa, hapo hapavuji.

#12 FundiRamso

Bati la mita 5.5 la geji 30 ulipandishe na vijana wawili kwenye upepo wa saa nane mchana, halafu urudi kuniambia. Linakunjika kabla halijafika juu. Mimi kiungo kimoja chenye kulaliana sentimita 15 hadi 20 hakinipi shida.

#13 Mzee_wa_Kenchi

Weka vijana wanne, anza asubuhi.

#14 Shangazi_wa_Muscat

Mimi najenga kwa kutuma hela kutoka huku Omani, ndugu yangu anasimamia Bagamoyo. Nimejifunza kumwambia achukue bati moja dukani na kulipima kwa mizani ya gunia kabla hatujalipia mengine. Walituletea bati zimeandikwa 30, ukizishika mkononi zinapeperuka. Lakini sijui bati la geji 30 linatakiwa kuwa na kilo ngapi, naomba wajuzi mtusaidie hapo.

#15 Tabora_Boy

Peleka sumaku. Sumaku ikinata ni bati halisi, isiponata ni feki.

#16 Mhandisi_Njiro

#15 Sumaku itanata kwenye geji 28, 30, 32 na kwenye sufuria lenye kutu. Inakuonyesha kuna chuma tu, unene haionyeshi.

#14 Shangazi, njia yako ni nzuri. Chuma cha unene wa milimita moja kina kama kilo 7.85 kwa mita moja ya mraba. Kwa huku kwetu geji 30 huuzwa kama milimita 0.3 na geji 28 kama 0.4. Hizo 32 utakuta 0.25 na mara nyingine chini ya hapo.

Kitu kinachowapoteza watu ni upana. Bati limekunjwa, hivyo ukipima kwa tepu iliyonyooka unapata upana mdogo kuliko bati lenyewe. Chukua uzi, ulaze kwenye ncha moja ya bati ukifuata kila bonde na kila mgongo mpaka ncha ya pili, kisha unyooshe uzi upime. Bati nyingi utapata kama sentimita 91, hata kama linafunika 75 tu.

Bati la mita 3 basi ni 3 mara 0.91, mara 0.3, mara 7.85. Inakuja kilo 6 na nusu hivi. La 0.25 linakuja kilo 5 na 400. Tofauti ni kama kilo moja kwa bati moja, mizani ya gunia inaiona bila shida. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, pima kumi kwa pamoja.

#17 Mnyalu_Halisi

Nikuongezee #16. Muulize muuzaji hizo 0.3 ni pamoja na rangi au chuma kikavu kabla ya rangi. Kuna wanaopima na rangi juu, rangi chini, wakapata 0.3, huku chuma chenyewe ni 0.26. Hawajadanganya, wamekusomea namba inayowafaa wao. Kwenye kotesheni iandikwe kwa milimita na isemwe ni unene gani. Neno "geji 30" peke yake huwezi kumshtaki nalo mtu.

#18 Mhandisi_Njiro

Kweli. Na rangi ni nyepesi kuliko chuma, ndiyo maana nasema mizani inasema ukweli kuliko kipimo cha unene. Mwenye mikromita apime ukingoni, sehemu bapa, siyo kwenye kona ya mkunjo.

#19 Mama_Vigae

Habari, nauza vigae vya rangi zote, tunafikisha mpaka saiti. Karibuni inboksi.

#20 Kadogoo

#19 dada hapa tunapima bati kwa uzi wa kushonea, rudi baadaye.

#21 BintiPwani

Hilo la uzi nitalifanya Jumamosi. Sasa mbao? Hiyo 70 na 40 ndiyo inanisumbua.

#22 Mzee_wa_Kenchi

Kwenye mbao ndipo nilipotaka kufika, maana bati kila mtu analiona na mbao zikishafunikwa na siling'i hakuna anayezikagua tena.

Mbao ya futi 12 ni mita 3.66. Kenchi moja ya upana wa mita 9 ina mbao ya chini ya mita 9, miguu miwili ya juu ya mita 5.5 kila mmoja, na mihimili ya ndani ambayo kwa jumla hufika mita 7 au 8. Ukijumlisha ni kama mita 28. Kwa futi 12 hizo ni pisi 8, na kwa sababu lazima uunge na kukata, weka 9.

Toa pisi 7 za kulaza juu ya ukuta pande zote mbili ndefu. Kwenye 70 zinabaki 63. Gawa kwa 9, unapata kenchi 7. Kenchi 7 kwenye mita 12 zina nafasi 6 katikati, kila nafasi ni mita 2.

Mita mbili! Halafu juu yake analaza papi za 2x2. Papi ya 2x2 ikivuka mita 2 italala tumbo chini kabla bati halijamaliza kupigwa. Mimi naweka kenchi kila mita 1.2, yaani kenchi 11. Hizo ni pisi 99, na 7 za ukutani, jumla 106.

Kwa hiyo jibu la swali lako: pisi 70 ni chache, zimepungua kama 36.

#23 BintiPwani

Mungu wangu. Mimi nilifikiri ni nyingi, nilikuwa najiandaa kumwomba apunguze.

#24 Kinyozi_wa_Mtaa

Mzee unahesabu kama nyumba ni ukumbi wa harusi. Nyumba ya vyumba ina kuta za ndani. Ukuta wa katikati ukifika juu, huhitaji kenchi nzima pale, mbao inalala juu ya ukuta. Nyumba ya baba yangu Ifakara haina kenchi hata moja kamili, imesimama tangu nikiwa mdogo.

#25 Mzee_wa_Kenchi

#24 Nusu ni kweli. Kuta za ndani zikifika kwenye usawa wa ukuta wa nje, mihimili ya ndani ya kenchi inapungua na mbao ya chini inapata pa kupumzikia. Lakini miguu ya juu inayobeba bati haipungui, na umbali kati ya mguu na mguu haubadiliki. Sema kwa sababu hiyo zitoshe pisi 7 kwa kenchi moja. Bado 63 zinatoa kenchi 9, nafasi ya mita 1.5. Hapo angalau tunaanza kuongea.

Dada, kuta zako za katikati zimefika juu?

#26 BintiPwani

#25 Ya korido imefika, pande zote mbili. Za kati ya vyumba zimeishia chini kidogo, kozi mbili hivi.

#27 FundiRamso

Basi huenda jamaa amehesabu hivyo, akitumia ukuta wa korido. Ndiyo maana nasema mwulize, usimvamie. Mwambie akuchoree kenchi moja kwenye karatasi na aandike ziko ngapi. Fundi anayejua anachora huku anaongea na wewe.

#28 Mnyalu_Halisi

Tusisahau papi. Pisi 40 za futi 12 ni mita 146. Gawa kwa urefu wa paa 13.2, unapata mistari 11 kwa pande zote mbili, yaani upande mmoja 5 na mwingine 6, na hapo hajaunga hata mbao moja wala hajagusa baraza. Kwenye mteremko wa 5.5 mistari 6 inaachana mita 1.1, mistari 5 inaachana karibu mita 1.4. Kwa geji 30 mimi sipitishi sentimita 90 na ushee. Mistari 7 kila upande, pisi 51, na za kuunga ziwe 55.

#29 FundiRamso

90 ni kwa bati la zamani lile la mawimbi madogo. Mgongo mpana una mbavu ndefu, unavumilia mita 1.2 vizuri. Mimi nimepiga hivyo Chalinze yote.

#30 Mhandisi_Njiro

#29 Mgongo mrefu unasaidia, hapo uko sahihi, lakini inategemea kimo cha mgongo na unene. Mgongo mpana wa 0.4 kwa mita 1.2, sawa. Wa 0.3 au wa 0.27 unaouzwa kama 0.3, fundi wa kurekebisha antena akikanyaga katikati unabonyea, na bonde likibonyea maji yanasimama hapo. Muulize aliyetengeneza bati, huwa wanatoa umbali wanaoruhusu kwa kila aina.

#31 FundiRamso

Asikanyage katikati basi. Wanakanyaga juu ya mistari ya misumari.

#32 Kadogoo

Mwambie huyo fundi wa antena aanze kusoma mistari.

#33 Mwanatanga

Mimi nataka mjadala uende kwenye misumari. Nyumba ya mama Tanga, karibu na bahari, bati halikuwa na shida yoyote. Kilichotuua ni misumari. Ilipata kutu kichwani, raba ikakauka, maji yakawa yanafuata msumari mpaka kwenye papi. Tulitoa bati zima kwa ajili ya misumari. Dada kaandikiwa "misumari na vifaa vidogo vidogo 450,000". Ni nini hicho? Ni misumari gani? Ya bati ni mingapi?

#34 Mzee_wa_Kenchi

#33 Umegusa. Mstari wa aina hiyo huwa nautoa kwenye kotesheni na kumrudishia fundi auandike upya. Kila aina mstari wake: ya bati, ya inchi 5, ya inchi 4, ya inchi 3 kwa fishabodi, dawa ya mbao kama ipo.

Ya bati unaweza kuikadiria mwenyewe. Bati 18, mistari 7, kwenye kila mstari bati moja linapigwa wastani wa 4, maana kwenye kingo za chini na juu unazidisha. Ni 504 upande mmoja, kama 1,000 pande zote. Ukifika dukani pima kilo moja ya misumari ya bati uihesabu mbele ya muuzaji, kisha gawa. Hapo utajua ni kilo ngapi na shilingi ngapi. Inachukua dakika chache, watakuangalia vibaya, waache.

#35 Mwanatanga

Na chukua skrubu, siyo misumari. Yenye raba nyeusi nene chini ya kichwa. Msumari unang'oka taratibu kila upepo unapovuta bati, skrubu imeuma mbao.

#36 FundiRamso

Skrubu sawa, ila ziwe za mbao. Kuna zenye ncha kama ya keekee, hizo ni za kutoboa chuma. Ukizipiga kwenye paina zinakula mbao na kuacha tundu kubwa, hazikamati. Za mbao zina ncha kali na meno ya mbali mbali. Wauzaji wengi wanatoa yoyote iliyopo. Na drili iwe inarekebishika, ukikaza sana raba inapasuka na kutoka nje, ukikaza kidogo maji yanaingia. Raba ibinywe kidogo tu.

#37 Ndugu_Kitengela

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu pia tunapambana na hayo hayo, mabati yanaandikwa geji moja na kupimwa nyingine. Swali langu ni juu ya mbao. Je, hizo 2x4 ni 2x4 kweli? Mimi niliuziwa mbao za inchi mbili kwa nne, nikatoa tepu, nikakuta moja na nusu kwa tatu na robo tatu. Muuzaji akasema imekauka.

#38 Mnyalu_Halisi

#37 Ndugu, kukauka kunapunguza milimita chache, hakuli nusu inchi nzima. Hiyo imetoka kwenye msumeno ikiwa nyembamba. Mimi natokea kwenye mbao zenyewe, Mafinga. Gogo likipasuliwa kwa kubana vipimo mpasuaji anapata mbao ya ziada, na anayelipia hiyo ya ziada ni wewe. Kwenye kotesheni aandike "2x4 kamili" na useme utapima ncha zote mbili, kwa sababu zipo zilizo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

Cha pili ni dawa. Kotesheni ya dada haisemi kama mbao zimetiwa dawa. Zinazouzwa kama za dawa ni za kijani, lakini nyingine zimepakwa tu juu. Mwambie muuzaji akukatie ncha ya mbao moja, sentimita 30 kutoka mwisho. Kama ukijani uko kwenye ganda tu na ndani ni nyeupe, hiyo ni rangi. Ikiingia ndani vizuri pande zote, hiyo imepikwa kwenye mtungi.

#39 Kinyozi_wa_Mtaa

Oili chafu inatosha. Paka oili chafu, mchwa hawasogei. Mambo ya mtungi ni ya matajiri.

#40 Mnyalu_Halisi

#39 Oili inakaa juu kama ile rangi. Mchwa anapita kwenye ufa wa kwanza utakaotokea. Siku moja ikishika moto ndiyo utajua umejenga nini.

#41 Kinyozi_wa_Mtaa

Nyumba ya baba yangu...

#42 Kadogoo

...Ifakara, imesimama tangu ukiwa mdogo, tunajua 😂

#43 Shangazi_wa_Muscat

Wajuzi, mimi naona hamjagusa ufundi. Asilimia 35 ya vifaa ni sawa? Ndugu yangu aliniambia huo ndio utaratibu.

#44 Mhandisi_Njiro

Utaratibu upo, na ndio unaoleta shida. Angalia kotesheni ya dada. Tuseme leo aamue kuchukua geji 28 na bei iwe 21,000 kwa mita. Bati linaongezeka 5,000 mara 235, yaani 1,175,000. Ufundi nao unapanda 411,250. Fundi kafanya kazi gani ya ziada? Hakuna. Misumari ni ile ile, ngazi ni ile ile. Na zile mita 24 alizozidisha zinampa asilimia 35 yake pia, kama 134,000 hivi.

Mwambie akupe ufundi kwa mita ya mraba ya paa, au bei moja ya kazi nzima iliyoandikwa kilichomo. Paa lako ni 13.2 mara 5.5 mara 2, mita za mraba 145, na baraza.

#45 FundiRamso

#44 Kwa mita ya mraba mteja anabadilisha ramani katikati halafu anabisha mita hazijaongezeka. Asilimia inatulinda. Na wateja wanasahau kwamba kwenye hiyo pesa kuna vijana, chakula chao, ngazi, misumeno na siku za mvua ambazo hatufanyi kitu. Muulize asilimia ni ya vifaa gani. Mimi bati naitoa, nahesabu mbao tu na nyingine ndogo, kisha bati naweka bei kwa pisi.

#46 Mwanatanga

Nani anabaki na mabaki? Mita 24 zikizidi, zinaenda wapi? Hilo liandikwe. Kwetu zilienda kwenye banda la kuku la fundi, na banda likapendeza kweli.

#47 BintiPwani

Nimempigia. Nimemwomba mambo manne: idadi ya kenchi na mchoro, unene kwa milimita, misumari itenganishwe, ufundi uwe bei moja. Akacheka, akauliza nani ananifundisha. Baadaye akatuma ujumbe kwamba kenchi ni 9, na kama nataka 11 ataongeza mbao. Kuhusu mita 235 kasema "hiyo ni pamoja na za tahadhari". Asilimia 70 kasema hapunguzi, kwa sababu ananunua vifaa yeye.

#48 Mzee_wa_Kenchi

Kenchi 9 ni mita 1.5. Basi dai papi za 2x3 badala ya 2x2, zilale kwa ubavu mwembamba chini ili kimo kiwe inchi 3. Hilo ni nafuu kuliko kenchi mbili zaidi.

Pesa ya vifaa mlipe mwenye duka wewe mwenyewe, kwa risiti ya EFD yenye jina lako, mzigo ushushwe saiti na uhesabiwe. Hapo asilimia 70 haina kazi tena. Ufundi ugawe: kiasi cha kuanzia, kingine kenchi na papi zikisimama na umezipima kwa tepu kabla bati halijapanda, kingine bati likiisha, na kilichobaki baada ya mvua ya kwanza kubwa.

#49 FundiRamso

Mvua ya kwanza? Tukimaliza Juni nikae mpaka Novemba nasubiri changu? Mwaga maji kwa mpira kwenye kofia na viungo siku hiyo hiyo, kisha nilipe.

#50 Mzee_wa_Kenchi

Mpira hauna upepo. Lakini sawa, kiwe kiasi kidogo, siyo robo ya ufundi.

#51 Mama_Vigae

Vigae havihitaji misumari mingi kama bati jamani.

#52 Mhandisi_Njiro

#51 Na vina uzito mara ngapi? Na hizo pisi 70 za 2x4?

#53 Ndugu_Kitengela

Naomba niulize kabla hamjafunga. Skrubu zipigwe juu ya mgongo au bondeni? Fundi wangu kapiga bondeni zote, anasema ndivyo inavyokamata.

#54 Mwanatanga

Juu ya mgongo! Bondeni ndipo maji yanapopita.

#55 FundiRamso

Ukipiga juu ya mgongo kuna upenyo chini yake, bati linakunjika na skrubu inacheza. Bondeni bati limelala juu ya papi, raba inabana sawasawa.

#56 Mzee_wa_Kenchi

Msumari juu ya mgongo, siku zote. Skrubu yenye raba nzuri bondeni naielewa, ila raba ile nyepesi inayouzwa barabarani nisingeiweka njiani mwa maji.

#57 BintiPwani

Jumamosi naenda dukani na uzi, tepu na mizani ya jirani anayeuza mkaa. Nitaleta kilo za bati hapa.

#58 Kadogoo

Ifute vumbi kwanza, wasije wakakuuzia bati kwa debe.